Wati Zipi Unazolipia? Kusoma Lebo ya Kiyoyozi na Panga Boi

Anayehamia nyumba ya kupanga Dar es Salaam mara nyingi hukuta kiyoyozi kimeshafungwa ukutani na panga boi likining'inia darini. Boksi halipo, kitabu hakipo, na mwenye nyumba anajua tu kwamba "kinapuliza vizuri." Swali la mpangaji ni moja: hiki chombo kitanilia uniti ngapi za LUKU? Jibu lipo kwenye kibandiko kilichobandikwa ubavuni mwa chombo chenyewe. Tatizo ni kwamba kibandiko hicho kina namba nyingi za wati, na watu wengi hushika ile isiyowahusu.

Tuchukue mfano. Hii ni lebo ya kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala, cha aina ile yenye sehemu ya ndani na ya nje. Jina nimelitunga, ila mpangilio wake ndio utakaoukuta kwenye mashine halisi:

```
MODEL             XX-12CK
POWER SUPPLY      220-240V ~ 50Hz
COOLING CAPACITY  12000 Btu/h (3517 W)
RATED INPUT       1095 W
RATED CURRENT     5.0 A
MAX. INPUT        1550 W
MAX. CURRENT      7.5 A
REFRIGERANT       R410A / 780 g
```

Zipo wati za aina tatu hapo: 3517, 1095 na 1550. Ukikosea kuchagua, hesabu yako ya mwezi itakuwa mara mbili au hata mara tano ya ukweli.

Wati 3517 si umeme. Hicho ni kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa chumbani na kukitupa nje. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto, na kuhamisha joto kunahitaji umeme kidogo kuliko joto lenyewe linalohamishwa. Ndiyo maana mashine inayovuta wati 1095 za umeme inaweza kutoa wati 3517 za joto bila muujiza wowote. Ukigawanya wati za joto kwa wati za umeme unapata ufanisi wake: 3517 kwa 1095 ni 3.2. Mashine ya zamani inayotumia gesi ya R22 mara nyingi huwa chini ya 3. Kadiri namba hii inavyopanda, ndivyo unavyopata ubaridi mwingi kwa umeme uleule.

Wati 1550 ni umeme kweli, lakini ni umeme wa siku mbaya: mashine ikiwa katika hali ngumu kabisa ambayo mtengenezaji anaruhusu, kama joto kali nje na kazi nzito ndani. Namba hiyo na ampia 7.5 zinamhusu fundi anayechagua unene wa waya na saizi ya saketi breka. Kwa bili haifai.

Inayobaki ni 1095. Hizo ndizo wati ambazo mashine huvuta ikipimwa katika hali ya kawaida ya maabara, yaani nyuzi 27 ndani na nyuzi 35 nje. Kuna njia rahisi ya kuihakiki: zidisha volti 230 kwa ampia 5.0 unapata 1150, kisha punguza kidogo kwa sababu mota hazitumii kila ampia kikamilifu, na unaangukia karibu na 1095. Lebo ambayo namba zake hazikaribiani kabisa kwa hesabu hii ni ya kutiliwa shaka. Huenda ni ya kughushi, au ni lebo ya mashine nyingine.

Sasa bei. Mteja wa kawaida wa TANESCO aliye kwenye daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya nyongeza. Ukiongeza VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, uniti moja inafika shilingi 356 hivi. Ndiyo maana elfu moja hukupa takriban uniti 2.8. Usiniamini mimi tu. Chukua risiti yako ya mwisho, gawanya hela iliyoingia kwenye umeme kwa idadi ya uniti, baada ya kutoa kodi ya jengo na deni kama vilikatwa. Namba utakayoipata ndiyo bei yako, uwe Dar, Zanzibar au Mombasa.

Tukifanya hesabu ya usiku mmoja wa saa 8 kwa kila namba ya lebo ile, utaona ukubwa wa kosa. Aliyeshika 3517 atapata uniti 28, zaidi ya shilingi 10,000 kwa usiku na kama 300,000 kwa mwezi. Huyo ndiye anayesema eisi ni ya matajiri. Aliyeshika 1550 atapata uniti 12.4, kama 132,000 kwa mwezi. Aliyeshika 1095 na kuizidisha moja kwa moja atapata uniti 8.76, kama 93,500 kwa mwezi. Huyu wa mwisho ameshika namba sahihi, lakini bado amezidisha, kwa sababu amechukulia kwamba kompresa inafanya kazi saa zote 8 bila kupumzika.

Haifanyi hivyo. Kwenye kiyoyozi cha kawaida, kompresa ni ya kuwaka na kuzima. Ikiwaka inavuta wati zake zote. Chumba kikifika nyuzi ulizoweka kwenye rimoti, inazima, na feni ndogo ya ndani inaendelea kupuliza kwa wati chache zisizozidi za balbu moja ya zamani. Joto likipanda tena kidogo, kompresa inawaka. Kwa hiyo kinachoamua bili ni sehemu ya usiku ambayo kompresa imewaka. Sehemu hiyo haimo kwenye lebo, kwa sababu inategemea chumba chako: dari ina jipsam au ni bati tupu, madirisha ya aluminiamu yanafunga au yana mwanya, mnalala wangapi, umeweka nyuzi 18 au 26.

Kuipima ni kazi ya saa na masikio. Subiri usiku, saa moja au mbili baada ya kuwasha, chumba kikiwa kimeshapoa. Kaa mahali unapoisikia sehemu ya nje. Utasikia mngurumo mzito ukianza, kisha ukikatika. Andika dakika za kuwaka na za kuzima kwa mizunguko mitatu au minne. Tuseme unapata dakika 12 za kuwaka na 8 za kuzima. Hiyo ni 12 kati ya 20, asilimia 60. Rudi kwenye lebo: kilowati 1.095 mara saa 8 mara 0.6 ni uniti 5.26, sawa na shilingi 1,870 kwa usiku, au karibu 56,000 kwa mwezi. Hapo ndipo ulipo ukweli, mbali sana na laki tatu za yule wa kwanza.

Anayetaka uhakika zaidi aende kwenye mita yenyewe. Mita za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa kitu kama `1000 imp/kWh` au `1600 imp/kWh`. Maana yake ni kwamba taa hupepesa mara 1000 au 1600 kwa kila uniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji likiwemo, acha kiyoyozi tu, hakikisha kompresa inanguruma, kisha hesabu miwako kwa dakika moja.

```
wati = miwako kwa dakika x 60 x 1000 / imp
```

Kwa mita ya 1600, ukihesabu miwako 29 kwa dakika unapata wati 1087. Mashine yetu ya mfano iko sawa na lebo yake. Ukihesabu 40, inavuta wati 1500, na kuna jambo. Nitalirudia hilo mbele. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia namba tu, basi andika uniti zilizobaki kabla ya kulala na asubuhi, usiku mmoja na kiyoyozi na usiku mwingine bila. Tofauti yake ni ya kiyoyozi.

Mambo yote haya yanabadilika kidogo ikiwa mashine ni ya inveta. Hii haizimi kompresa. Inaipunguza mwendo chumba kikishapoa, kama dereva anayepunguza mafuta badala ya kuzima injini kila kona. Kwenye lebo yake utaona namba moja ikifuatwa na mbili kwenye mabano, kwa mfano `3.5 (0.9-4.0) kW` kwa upande wa joto na `1.05 (0.20-1.50) kW` kwa upande wa umeme. Namba ya nje ya mabano ni ya maabara. Zilizo ndani ni mwendo wa chini kabisa na wa juu kabisa. Kwenye inveta kuzidisha 1.05 kwa saa na kwa asilimia hakuna maana, kwa sababu baada ya nusu saa ya kwanza mashine inaweza kushuka hadi wati 400 au 500 na kubaki hapo hadi asubuhi. Ikitulia kwenye wastani wa wati 450, usiku wa saa 8 unakula uniti 3.6, kama shilingi 1,280. Hapa mita ndiyo inayosema kweli: hesabu miwako mara tu unapowasha, kisha saa mbili baadaye. Kama haikupungua, ama chumba ni kikubwa kuliko mashine, ama madirisha yanavuja, na inveta yako haikuokolei kitu.

Neno "inveta" lililobandikwa kwa mbele lisikutoshe. Jalada la sehemu ya ndani hubadilishwa, na kwenye maduka ya mitumba si ajabu kukuta sehemu ya ndani ya mashine moja imeunganishwa na sehemu ya nje ya mashine nyingine. Soma lebo za pande zote mbili. Kwa watengenezaji wengi jina la modeli hufanana isipokuwa herufi inayotofautisha ndani na nje. Panasonic, kwa mfano, huanza na CS kwa ya ndani na CU kwa ya nje, halafu namba zinazofuata huwa zilezile. Zikiwa tofauti, au sehemu ya nje haina ile namba ya mabano, huenda hiyo si inveta hata kama mbele imeandikwa kwa herufi za dhahabu. Wati za kulipia zifuate lebo ya nje, maana kompresa ndiyo mlaji mkubwa na iko huko.

Tatizo ni kwamba ya nje ndiyo inayopigwa na jua na chumvi ya bahari, na baada ya miaka michache kibandiko chake kinabaki karatasi nyeupe. Kabla ya kukata tamaa, tafuta ubavuni karibu na zile vali mbili za shaba zinapoingia mabomba, kisha nenda ndani: lebo ya ndani huwa upande wa kulia, au chini ya tumbo, au utaiona ukifunua jalada la mbele kama unayetaka kusafisha filta. Hata vipande vya namba ya modeli vinatosha. Tafuta 09, 12, 18 au 24 katikati ya herufi. Hizo ni maelfu ya Btu kwa saa. Ila ukiona 25, 35 au 50, kama kwenye mashine nyingi za Daikin, au KFR-35GW za Kichina, usidhani ni Btu 35,000. Hizo ni mamia ya wati za joto: 35 ni kilowati 3.5, yaani ileile ya 12,000.

Dukani utaambiwa hosipawa: moja, moja na nusu, mbili. Ni lugha ya soko, na kwa kawaida moja ni 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Usiigeuze kuwa wati kwa ile kanuni ya shule ya 746 kwa hosipawa moja, kwa sababu mashine ya "moja na nusu" inaweza kuvuta wati 950 au 1300 kutegemea umri na ubora wake.

Ikiwa kila kitu kimefutika, umbo linasaidia. Mashine ya 9,000 au 12,000 huwa na urefu wa sentimita 70 hadi 85 hivi ndani; ya 18,000 inakaribia 90 hadi mita moja; ya 24,000 hupita mita. Mabomba yanathibitisha: lile jembamba la robo inchi likiambatana na lile nene la tatu kwa nane, uko kwenye 9,000 au 12,000. Nene likiwa nusu inchi, ni 12,000 kubwa au 18,000. Likiwa tano kwa nane, ni 24,000. Ukishajua ukubwa, kisia umeme kwa kugawanya wati za joto kwa 2.7 kama ni ya zamani ya R22, au kwa 3.2 kama ni ya R410A au R32. Ni makisio, lakini hayatakudanganya kwa mara tatu.

Mitumba inataka jicho lingine. Kabla ya wati, soma volti. Mashine nyingi za vyumba zilizotolewa Japani ni za `100V`. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, hutasubiri bili. Ikiwekewa transfoma inafanya kazi, lakini transfoma yenyewe hupata joto, na joto hilo ni uniti zako. Zilizopitia Dubai huwa na lebo yenye safu mbili, `T1` na `T3`. T1 hii, ambayo si lile daraja la TANESCO, hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35, T3 nyuzi 46. Pwani yetu haifiki 46, kwa hiyo soma safu ya T1. Na zenye nyota za ufanisi za India zina namba ya uniti kwa mwaka iliyokokotolewa kwa saa 1600 tu. Anayelala na eisi saa 8 kila usiku anafikisha saa 2,920, kwa hiyo ile namba aizidishe karibu mara mbili kabla ya kufurahi. Nyota zenyewe hazilinganishwi nchi na nchi, na hata ndani ya India kipimo hupandishwa, kwa hiyo nyota 5 za miaka ya nyuma si nyota 5 za leo. Angalia mwaka ulioandikwa kwenye kibandiko.

Panga boi ni rahisi zaidi, ila lebo yake imefichwa. Mara nyingi iko juu ya mota, upande unaotazama dari, kwa hiyo unahitaji ngazi na simu ya kupigia picha. Zima swichi kwanza. Utakuta `1200 mm` au `1400 mm`, ambao ni upana wa duara la mapanga (inchi 48 na 56), na wati kati ya 65 na 80. Hizo ni wati zake zikiwa kwenye mwendo wa juu kabisa, na tofauti na kiyoyozi, panga boi halina thamostati: likizunguka, linazunguka. Wati 75 kwa saa 10 ni uniti 0.75, shilingi 267 kwa usiku, 8,000 kwa mwezi. Usiku mzima wa panga boi haufikii saa moja ya kompresa ya mfano wetu.

Yapo sasa mapanga boi ya mota bila brashi, ambayo lebo yake husoma wati 28 hadi 35 kwa upepo uleule. Kwa macho, hili huja na rimoti yake na halina regyuleta ukutani. Lile la kawaida, ukishusha kikombe chake cha darini au cha chini ya mota, utakuta kapasita ya mikrofaradi 2 hadi 3. Muuzaji akikuonyesha panga boi la "wati 30" lenye kapasita hiyo na regyuleta ya ukutani, ujue boksi linasema lake na mota inasema lake. La kweli linakuokolea kama shilingi 4,800 kwa mwezi kwa kila moja linalozunguka saa 10. Gawanya tofauti ya bei dukani kwa kiasi hicho uone litajilipa kwa miezi mingapi. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa Krismasi na Idi halitajilipa kamwe.

Jambo moja ambalo lebo haisemi ni regyuleta. Ile ya zamani, boksi kubwa la ukutani linalopata joto, hupunguza mwendo kwa kula umeme yenyewe. Ukiweka namba 1 unapata upepo mdogo, lakini sehemu ya wati ulizodhani umeokoa inapasha moto ukuta. Iguse baada ya saa moja. Ikiwa ya moto, ndiyo hiyo. Zile ndogo za kisasa zinazotumia kapasita hubaki za baridi, na kwenye mwendo wa chini zinapunguza wati kweli.

Turudi kwa yule aliyehesabu miwako 40. Lebo inasema ampia 5.0, na fundi akifunga klempu mita kwenye waya mmoja wa sehemu ya nje anasoma 6.8. Mara nyingi sababu ni koili ya nje iliyojaa vumbi, nywele za paka na chumvi. Joto halitoki, msukumo wa gesi unapanda, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa ubaridi umepungua haizimi. Kwa mashine ya mfano, wati 1480 kwa asilimia 90 ya usiku ni uniti 10.7, mara mbili ya zile 5.26. Maji ya presha ndogo na nusu saa ya kazi vinarudisha uniti hizo.

Kinachopotosha wengi ni hali ya kinyume. Fundi anasoma ampia 3.4, chini ya lebo, na mwenye nyumba anafurahi kwamba mashine "haili umeme." Ampia zikishuka hivyo huku chumba hakipoi, mara nyingi gesi imepungua. Angalia bomba jembamba kwenye vali ya nje: likiwa na barafu, shaka inapungua sana. Mashine ya namna hii inavuta wati 740 tu, lakini haizimi hata dakika moja, na kwa saa 8 inakula uniti 5.9, zaidi ya ilivyokuwa nzima, na bado unalala ukitokwa jasho. Kuongeza gesi bila kuziba panapovuja ni kununua miezi michache. Na gesi ijazwe kwa mizani hadi gramu zilizoandikwa, 780 kwa mfano wetu, si kwa kukisia "imetosha" kwa mkono kwenye bomba.

Hesabu moja ya mwisho inawahusu walio kwenye D1, daraja la wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Wao hulipa shilingi 100 kwa uniti, 122 pamoja na nyongeza. Zinazozidi 75 ni shilingi 350 kila moja, kama 427 pamoja na nyongeza. Familia inayotumia uniti 60 inalipa shilingi 7,320 kwa mwezi. Ikifunga kiyoyozi chetu cha uniti 158, jumla inakuwa 218, na matumizi hayo yakiendelea inahamishiwa T1. Hapo kila uniti ni 356, zile 60 za taa, friji na runinga zikiwemo. Bili inapanda hadi karibu 77,600. Katika ongezeko hilo la 70,000 na ushee, 56,000 ni za kiyoyozi chenyewe na 14,000 ni za friji na taa ambazo hazijabadilika hata kidogo. Panga boi la wati 75, kwa uniti zake 22 na nusu za mwezi, lingeifikisha familia hiyo 82 na kuivusha mstari pia. La wati 30, kwa uniti 9, lingeiacha kwenye 69.